Barua ya wazi kwa kampuni iliyotuuzia programu ya hospitali: mutupe instaleri isiyohitaji enterneti

Bukavu

Kwa wakubwa wa kampuni, na kwa wale mafundi wenu wanaotengeneza programu yenyewe,

Salamu sana. Mimi ni ule mutu wa enformatike wa hospitali moja hapa Bukavu, mulishapokea barua pepe zangu nne na simu sijui ngapi, na kila mara munanijibu kwa heshima kwamba "tutaangalia". Nimeamua kuandika wazi juu najua siko peke yangu, kuko wenzangu mu hospitali zingine za Kivu wanatumia ile ile programu na wanalala macho wazi kila wakati munatoa versio mpya. Sina ugomvi na nyinyi. Programu yenu ni nzuri, infirmiye wetu wameizoea, fishi za wagonjwa hazipotei tena kama zamani. Shida yangu ni moja tu, ni vile munatuletea mizajuru.

Munatutumia fisie ndogo ya mega 4. Mutu akiiona anafurahi, anasema hii nitaishusha dakika moja. Kumbe ile fisie si programu, ni mutu wa kutumwa tu, ukiifungua njo yeye anaanza kwenda enterneti kutafuta programu yenyewe kipande kwa kipande, huku anachukua paketi za Ubuntu, huku anachukua paketi za Python, huku kwa serveri yenu. Hesabu niliyoifanya mimi mwenyewe kwa kuangalia kilichopita kwenye ruta, jumla yake ni giga 1.9 hivi.

Sasa niwaeleze ile usiku ya siku ya posho, juu nafikiri hakuna mutu mu kampuni aliyeiona kwa macho.

Saa 20:00 nilifanya bakapu ya baze yote ya PostgreSQL, nikaikopi ku disike ya inje. Nikakopi pia foldeli nzima ya programu ya zamani, ile iko mu /opt, hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, ni mazoea tu ya mutu aliyeshaungua. Saa 20:30 nikawaambia watu wa urgence na wa labo waandike mu kaye kwa saa moja hivi, nikaanzisha instaleri yenu. Koneksio yetu usiku, wakati watu wa mutaa wamelala kidogo, inafika kilobaiti 150 kwa sekunde. Fanyeni hesabu nanyi: giga 1.9 gawanya kwa 150, ni sekunde 12,600 na kitu, ni kusema saa tatu na nusu, na hiyo ni kama koneksio haikatiki hata mara moja. Sasa ni nani hapa Bukavu aliona koneksio ya saa tatu na nusu bila kukatika?

Ilikatika saa 22:50. Instaleri ikangoja kidogo, ikaandika kosa, ikafunga. Nikaianzisha tena nikifikiri itaendelea pale ilipoachia, hapana, ikaanza ku sifuri, juu kila ikianza inafuta foldeli yake ya muda. Ikakatika tena saa 01:15. Na hapo njo nikagundua kile kilichoniumiza zaidi ya yote: instaleri yenu inafanya kazi kwa mupangilio wa kinyume. Kwanza inasimamisha programu, pili inatoa versio ya zamani, tatu njo inaenda kutafuta mupya. Kwa hiyo wakati koneksio imekatika sikuwa na mupya, na zamani imeshaondolewa. Serveri iko inawaka, baze iko salama, lakini katikati hakuna kitu cha kuifungua.

Mu ile usiku mama mumoja alileta mutoto mwenye homa kali, walikuwa wamempima damu mchana ule ule, matokeo ya labo yako mu baze, mimi najua yako, hata ningeweza kuyatafuta kwa mukono kama ningejua meza gani yamo, lakini daktari wa zamu anaangalia ekrani nyeupe. Mutu wa labo ameshaenda kwake na kaye yake imefungwa mu kabati. Wakamtoboa ule mutoto mara ya pili. Mama aliniuliza, papa, si mulimpima leo? Sikuwa na la kumujibu. Mutoto alipata dawa yake, alipona, namushukuru Mungu, lakini ile sindano ya pili ilikuwa ya bure na ilitoka ku instaleri.

Saa 04:30 niliacha kujaribu, nikarudisha ile kopi ya /opt niliyokuwa nimeiweka ku disike, na saa 06:10 programu ya zamani ikafunguka. Bila ile kopi ya mazoea tungefika siku ya kwanza bila kitu.

Sasa mutaniambia, na fundi wenu mumoja aliniambia hivyo ku simu, "basi ushushe zile paketi mahali penye koneksio nzuri, uzilete ku fleshi". Nilifanya. Na hapo njo nataka mafundi wasome polepole, juu munafikiri ni kazi rahisi na si rahisi kama hamutupi orodha.

Nilifungua ile fisie yenu ndogo nikakuta ndani yake requirements.txt, orodha ya paketi za Python. Nikapanda moto mupaka ku ofisi ya rafiki mumoja huku Ibanda mwenye fibre, nikatumia ordinateri yangu ya mukononi, iko na Windows na Python 3.12, nikashusha zote, zikaingia bila kosa hata moja, nikarudi hospitali nimefurahi. Nikaziweka ku serveri ya majaribio na nikaandika:

```
pip install --no-index --find-links=./pakiti -r requirements.txt
```

Ile --no-index inaambia pip, kile chombo cha kuweka paketi za Python, isiende enterneti, itafute mu foldeli ya pakiti tu. Jibu likawa hivi:

```
ERROR: Could not find a version that satisfies the requirement psycopg2-binary==2.9.9
ERROR: No matching distribution found for psycopg2-binary==2.9.9
```

Nikaangalia mu foldeli, paketi iko, jina ni lile lile, versio ni 2.9.9 kama ilivyoandikwa. Nilikaa pale karibu nusu saa nikifikiri fisie imeharibika. Kumbe jibu lilikuwa mu jina lenyewe, mwishoni pameandikwa cp312 na win_amd64, ni kusema hiyo paketi ilitengenezwa kwa Python 3.12 ya Windows, na serveri yetu ni Ubuntu 22.04, Python yake ni 3.10. Pip ikishusha inashusha kwa ajili ya mashini iliyo juu yake, haijui kwamba unabeba kwa mutu mwingine. Na kosa lake halisemi "umeleta ya mashini nyingine", linasema tu haikuona kitu, kwa hiyo mutu asiyejua ataendelea kushusha ile ile mara tano na kumaliza mega zake zote.

Siku ingine nikarudi kule Ibanda, moto tena kwenda na kurudi, nikashusha kwa kuitajia mashini ya kweli:

```
pip download --only-binary=:all: \
  --platform manylinux2014_x86_64 \
  --python-version 3.10 \
  -d pakiti -r requirements.txt
```

Hiyo ilikubali. Ku serveri ya majaribio programu ikafunguka, nikaangalia fishi, nikaangalia labo, nikaangalia farmasi, yote sawa. Siku ya yenga nikaiweka ku serveri ya kweli, kwa dakika kumi na tano tu, bila enterneti, nikarudi nyumbani mapema nikala na watoto.

Siku ya kwanza asubuhi, saa 07:40, mama wa kwenye kese, pale watu wanalipia, akanipigia: fakture haitoki. Mugonjwa analipa, anabonyeza, ekrani inageuka geuka na hakuna karatasi. Watu wako mulolongo mupaka inje. Nikaenda ku serveri nikaangalia logi:

```
error while loading shared libraries: libssl.so.1.1:
cannot open shared object file: No such file or directory
```

Kumbe kile kipande chenu cha kutengeneza fakture si cha Python, ni programu ya pekee iliyotengenezwa juu ya Ubuntu 20.04, na inategemea OpenSSL ya zamani, 1.1, ile maktaba ya kufunga mawasiliano kwa siri ambayo libssl ni kipande chake. Ubuntu 22.04 imekuja na OpenSSL 3, ile ya zamani haimo tena. Mu requirements.txt hakuna mahali hata pamoja panapotaja kile kipande wala libssl, juu ile orodha inahesabu vitu vya Python tu. Ungeandika hii, ungeona mara moja kinachokosekana:

```
ldd ./kichapishaji | grep "not found"
```

Lakini utaiandikaje kama hujui kwamba kile kipande kiko? Mimi ku serveri ya majaribio sikujaribu fakture, nakubali ni kosa langu, nilijaribu vile nilivyojua viko. Orodha kamili ingenikumbusha.

Mutu mumoja akanishauri nichukue libssl1.1 kwenye saiti fulani niiweke kwa nguvu. Nilikataa. Wenye OpenSSL waliacha kutengeneza ile 1.1.1 tangu tarehe 11 Septemba 2023, tundu likipatikana ndani yake leo hakuna atakayeliziba bure, na ile serveri imebeba majina ya watu, magonjwa yao, nani ana nini. Siwezi kuweka kufuli lililovunjika ku mulango wa namna hiyo ili fakture itoke. Tuliandika fakture kwa mukono siku tatu, na siku ya ine njo fundi wenu akanitumia kile kipande kilichotengenezwa kwa 22.04. Alikuwa nacho. Kilikuwa ku ordinateri yake tangu zamani, mega 16 tu, kilikosa mutu wa kukiandika ku orodha.

Basi, ninachoomba ni vitu vitatu, na nitasema kila kimoja vile nakielewa ili musinitumie kitu kingine.

Cha kwanza ni instaleri nzima, fisie moja ao foldeli moja, yenye kila kitu ndani: programu yenu, paketi za Python kwa versio kamili ya Python, paketi za .deb za Ubuntu pamoja na zile ambazo hizo paketi zinategemea, kile kipande cha fakture, na skripti ya kuviweka vyote bila kugusa enterneti. Nawaomba mafundi wawe makini na kitu kimoja hapa, juu najua mutego wake. Mukichukua paketi kwa apt-get download, itawapa ile moja tu muliyoitaja, haitawapa zile inazozitegemea. Na mukitumia apt-get install --download-only ku ordinateri ya fundi, itaruka kila paketi ambayo tayari iko ku ile ordinateri, na ordinateri ya fundi siku zote imejaa vitu. Kwa hiyo mutafikiri foldeli imekamilika, ku kwenu itafanya kazi vizuri kabisa, ku kwetu itakwama. Muikusanye juu ya mashini mupya, Ubuntu 22.04 ile ndogo kabisa, haijawekwa kitu, iwe ya virtueli tu haina shida. Kisha mutengeneze mashini ingine mupya, muondoe kadi yake ya rezo kabisa, si kuzima tu, muiondoe mu seting za virtueli, na muweke programu yenu pale mwanzo mupaka mwisho mupaka fakture ya kwanza itoke ku printa. Ikitoka kule, itatoka na hapa. Hicho njo kipimo, sina kingine.

Na mupangilio ugeuzwe, nawasihi. Skripti ikague kwanza kama kila fisie iko na ni nzima, ikague kama Ubuntu na PostgreSQL ni zile inazozitaka, ikague kama disike iko na nafasi, na ikikuta hata kimoja hakiko iseme na isimame bila kugusa kitu. Versio mupya iwekwe pembeni ya zamani, na zamani iondolewe mwisho, mutu akishaona kwamba mupya inafunguka.

Kuhusu kuhakikisha fisie ni nzima, mutuwekee ndani SHA256SUMS, ile orodha yenye nambari ya kukagulia kila fisie, na nambari ya hiyo fisie yenyewe mututumie kwa njia ingine, hata kwa mesaji ya simu, ili mutu asitubadilishie vyote viwili mu njia. Mimi nikipokea nitaandika tu:

```
sha256sum -c SHA256SUMS
```

na kila mustari lazima useme OK. Hii si mambo ya kujionyesha. Wakati fulani niliwahi kupokea fleshi ambayo aliyekopi aliivuta kabla haijamaliza kuandika, fisie moja ilikuwa na jina lake kamili na ndani yake sifuri baiti. Kwa macho hauoni. Na tena, kama fisie yenu itapita giga 4 muikate vipande, juu fleshi nyingi za hapa ziko na FAT32 na hiyo haikubali fisie moja ya giga 4 na zaidi, inakataa mwishoni wakati umeshangoja.

Kuifikisha huku si shida, msihangaike na hilo. Muko na mutu Goma, aweke disike mu buato ya usiku, asubuhi naichukua ku bandari, giga 2 ao giga 20 kwa buato ni bei moja. Ziwa Kivu halijui mega.

Cha pili ni orodha ya vitegemezi, ni kusema kila kitu ambacho programu yenu inakitegemea ili isimame, na si vya Python tu. Kila mustari uwe na jina, versio kamili, imetoka wapi, na inafanya kazi gani mu programu yenu kwa maneno machache tu, mufano "kinatengeneza fakture". Lile neno la mwisho ni la maana sana kwangu, juu njo linaniambia nijaribu nini kabla ya siku ya kwanza asubuhi. Na versio iwe nambari kamili, 2.9.9, si "2.9 na zaidi". Kama muna kile chombo kinachoandika orodha kwa muundo wa CycloneDX ao SPDX, mutupe na hiyo, mashini inaisoma, siku ikitangazwa tundu mu paketi fulani naweza kutafuta kwa dakika moja kama tuko nayo. Lakini musitupe hiyo tu, mutupe na ile ya kusoma kwa macho. Mu orodha hiyo hiyo muandike pia kila anwani ya enterneti ambayo programu inaipigia ikishawekwa, juu nashuku kwamba kuko kitu cha laisensi kinachopiga simu kwenu kila siku, nimeona mu ruta, na sijui siku koneksio ikikaa wiki moja imekatika kitafanya nini. Kama kitafunga programu, tuambieni sasa na mutupe njia ya kuweka laisensi kwa fisie.

Cha tatu ni versio gani munazikubali. Mu kitabu chenu cha maelezo kumeandikwa "PostgreSQL 12 na zaidi". Hiyo "na zaidi" ni nini? PostgreSQL kila versio kubwa inatunzwa miaka mitano tu na inatoka mupya kila mwaka, ile 12 ilishaachwa tangu Novemba 2024, sisi tuko ku 14 ambayo mwisho wake ni Novemba 2026. Kuhama kutoka 14 kwenda ku ingine si kubonyeza, ni kutoa baze yote na kuirudisha ao kutumia pg_upgrade, ni usiku ingine ya kaye ku urgence, kwa hiyo nataka kuhama mara moja tu na nifikie mahali panapokaa. Niende ku 16? Ku 17? Mulijaribu gani kweli, kwa mikono yenu, na gani munadhani tu itakubali? Muyatenge hayo mawili, "tumejaribu" na "hatujajaribu", hata mukiandika hatujajaribu sitakasirika, nitajua.

Na Ubuntu vilevile, 22.04 utunzaji wake wa kawaida unaisha 2027, nataka kujua kama kipande cha fakture kiko tayari kwa 24.04 kabla sijaigusa. Mashini za resepsio na farmasi zinafungua programu mu brauza tu lakini ziko na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi ya hizo ordinateri hazikubali Windows 11, ni za zamani. Nafikiria kuziwekea Linux. Brauza gani na kuanzia versio gani munaikubali, na ile printa ndogo ya etiketi za labo itaendelea kufanya kazi? Bila hilo jibu siwezi kumwambia mukurugenzi anunue nini, na yeye ananiuliza kila mwezi.

Mu meza hiyo hiyo muongeze safu moja: kutoka versio gani ya programu yenu mutu anaweza kuruka kwenda ku gani, na kama anaweza kurudi nyuma. Ile usiku niliweza kurudi juu instaleri ilikufa kabla haijagusa baze. Kama ingefika mbele kidogo, ikabadilisha meza za baze kisha ikafa, ile kopi yangu ya /opt isingenisaidia kitu, programu ya zamani isingeisoma baze mupya, na ningelazimika kurudisha bakapu ya saa 20:00 na kupoteza kila kilichoandikwa baadaye. Hilo nataka nilijue mbele ya kuanza, si katikati.

Najua mutasema hospitali zingine zote zinaweka kwa enterneti na hazilalamiki, na kwamba kutengeneza instaleri ya namna mbili ni kazi mara mbili. Ku hilo la pili nawaelewa, mafundi ni wachache. Lakini si lazima ziwe mbili. Mutengeneze ile nzima tu, na wenye koneksio nzuri waishushe nzima, itawafaa hata wao. Na kazi ya kukusanya munaifanya mara moja kwa kila versio, kwenu, mahali penye umeme na fibre, badala ya kila hospitali kuifanya peke yake usiku kwa kubahatisha kama mimi nilivyofanya mara tatu.

Mimi niko tayari kuwasaidia. Niko na serveri ya majaribio, Ubuntu 22.04, PostgreSQL 14, Python 3.10, giga 16 za memori, naweza kukata kebo na kujaribu kila munachonitumia kisha niwarudishie logi nzima na kuwaambia kipande gani kimekosekana. Sitaki malipo kwa hilo.

Na kama instaleri itachukua miezi, naelewa, ila orodha na meza ya versio musizingojeshe. Hizo ni maandishi tu, kilobaiti chache, zinapita hata ku koneksio yetu ya leo. Fundi wenu ku serveri yenu ambako programu inafanya kazi vizuri anaweza kuanza na hivi:

```
dpkg-query -W > ubuntu.txt
/opt/programu/venv/bin/pip freeze > python.txt
```

Kile kipande cha fakture hakitatokea mu fisie yoyote ya hizo mbili, muandike kwa mukono pembeni. Barua pepe yangu munayo.

Mutu wa enformatike, hospitali, Bukavu